YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI SIKU YA KUPANDA MIVENGI KWENYE CHANZO CHA MAJI

Kamati ya Maji ya Kijiji,
Kata ya Igowole,
Wilaya ya Mufindi.

5 Januari 2026

Mzee Mwalimu Kalinga,
Gangilonga,
Iringa.

Shikamoo Mwalimu. Kamwene.

Tafadhali husika na kichwa cha barua hii. Kwa niaba ya Serikali ya Kijiji na Kamati ya Maji, tunakuomba kwa unyenyekevu uwe mgeni rasmi wetu siku ya Jumamosi, tarehe 24 Januari 2026, wananchi watakapopanda miche 400 ya mivengi kuzunguka chemchemi ya bondeni, ile ambayo wewe na wanafunzi wako mliipandia miti mwaka 1983 ulipokuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi.

Baada ya wewe kuhama, mikaratusi ilipandwa hadi ukingoni mwa maji, na kiangazi cha mwaka jana ndoo ya lita 20 ilichukua karibu nusu saa kujaa. Mkutano mkuu wa kijiji uliamua mikaratusi yote iliyo ndani ya mita 60 iondolewe, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, na wenye mashamba wamekubali, ingawa kwa baadhi yao ilikuwa ndiyo akiba ya ada za watoto. Katika miti yenu umebaki mvengi mmoja, na shina lake bado lina kovu la waya wa kopo mlilobebea mche. Mbegu za miche hii tuliziokota chini ya mti huo, ndiyo maana kikao hakikutaja jina jingine lolote la mgeni rasmi ila lako.

Shughuli itaanza saa 4:00 asubuhi katika uwanja wa shule, ambapo utapokea taarifa fupi ya Kamati, kisha utazungumza na wananchi kwa muda usiozidi dakika 20. Tungependa sana uwaeleze vijana jinsi chemchemi ilivyokuwa zamani na jinsi mlivyoitunza, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuiona ikifurika. Baadaye utapanda mche wa kwanza na kuwakabidhi vyeti wanafunzi 12 waliomwagilia kitalu tangu mwezi Juni. Njia ya kushuka bondeni tumeichimbia ngazi na kuiwekea mkono wa kushikia, na katikati kutakuwa na kiti cha kupumzikia. Hata hivyo, ukiona magoti hayaruhusu, mche wako utapandwa juu, penye tambarare, na heshima yake itakuwa ile ile.

Tunaomba pia ufahamu mapema kwamba siku hiyo hakutakuwa na harambee wala bahasha. Tunajua wazee wengi huogopa mialiko ya namna hii kwa sababu ya michango, nasi tusingependa jambo hilo likuzuie, kwani tunachohitaji ni wewe mwenyewe ufike.

Kuhusu usafiri, Kamati imekodi gari refu linalohimili matope, nalo litafika nyumbani kwako saa 12:30 asubuhi likiwa na dereva pamoja na Katibu wetu. Mtapumzika Mafinga kwa chai, kisha mtaendelea hadi Nyololo na kupanda Igowole, ili mfike saa 3:30. Chakula cha mchana kitakuwa saa 7:00, na saa 8:00 gari litaanza safari ya kukurudisha, ili uwe nyumbani kabla ya giza. Nafasi ya Mama na ya kijana mmoja wa kukusindikiza imetengwa. Iwapo safari ya kwenda na kurudi siku moja itakuchosha, gari linaweza kukufuata Ijumaa mchana, na utalala nyumbani kwa Mwenyekiti, ambako chumba kimeandaliwa chini, karibu na moto. Tafadhali usisahau koti zito, kwa maana mwezi huu ukungu huondoka saa 4:00, na siku nyingine hauondoki kabisa.

Barua hii inaletwa kwa mkono na wajumbe wawili, kwa kuwa hatukuona vema kukualika kwa simu. Wajumbe hao watarudi kwako Alhamisi, tarehe 15 Januari, kusikiliza jibu lako, na kama kuna jambo lolote katika ratiba ungependa libadilishwe, waeleze nasi tutalirekebisha.

Tunakutakia afya njema, wewe na Mama, na tunasubiri jibu lako kwa matumaini makubwa.

Wako mtiifu,

Agnes Mgaya
Katibu, Kamati ya Maji ya Kijiji
(mwanafunzi wako, darasa la saba, 1984)

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi.