Vipande Vitatu

Upanga ulitoka kwenye mafuta ukifuka moshi, umenyooka, hauna ufa. Juma akapitisha tupa kwenye makali. Tupa ikateleza, haikung'ata hata chembe.

"Babu, umekuwa mgumu kweli! Nitie mpini?"

"Uweke mezani polepole. Usije ukauangusha."

Mzee akatoa vipande vitatu vyembamba alivyovikata kwenye pau ileile iliyofuliwa upanga. Kila mwanagenzi aliyepita mikononi mwake alikimbilia mpini mapema, basi alikuwa amejiandaa.

Kipande cha kwanza hakikuzamishwa. Kiliachwa kipoe chenyewe. Juma akakibana kwenye jiliwa, akakivuta. Kikapinda, kikabaki vivyo hivyo.

"Mwenye upanga huo atakufa akiunyoosha kwa goti," mzee alisema. "Haya, cha pili. Hiki nimekizamisha kama ulivyozamisha wewe. Kipige."

Nyundo moja tu. Kipande kikakatika bila kupinda hata kidogo, nusu yake ikaruka hadi ukutani. Juma akautazama upanga wake, uso umembadilika.

"Sikiliza, mwanangu. Chuma kikiwaka hadi sumaku ikakikataa, kisha ukaongeza moto kidogo, kaboni iliyomo huenea ndani yake kote. Kikipoa taratibu, kaboni hupata muda wa kujitenga, chuma kinarudia ulaini. Ukikizamisha, inanaswa humohumo kabla haijajitenga. Ugumu unatoka hapo, na bila huo makali hayakai. Lakini chuma kilichonaswa hivyo kinajivuta kwa ndani, hakina pa kunyumbukia. Nimeona upanga ukipasuka mezani usiku, hakuna aliyeugusa."

"Basi tuurudishe motoni sasa hivi!"

"Ndiyo, lakini moto mdogo. Ukiuwasha mwekundu tena, kazi yote imepotea."

Wakausugua upanga kwa jiwe hadi ukang'aa, pamoja na kipande cha tatu, kilichokuwa nacho kimezamishwa. Mzee akapasha bonge la chuma, akalaza juu yake mgongo wa upanga, makali yakiwa hewani, akausogeza mbele na nyuma bila kupumzika. Rangi zikaanza kutembea: manjano hafifu, kahawia, zambarau.

"Wembe ningeukomesha kwenye manjano, maana haugongwi. Upanga unagongana na upanga mwenzake. Huu nautaka buluu, karibu nyuzi 300. Tunapunguza ugumu kidogo, tunanunua uhai wake."

Buluu ilipotanda, akauondoa. Kipande cha tatu kikapita njia hiyohiyo, na kilipopoa Juma akakibana kwenye jiliwa. Alikivuta kwa woga, kisha kwa nguvu zote. Kikapinda upinde mzima; alipokiachia, kikarudi kimenyooka. Akajaribu tupa: iling'ata, kwa shida.

"Sasa mpini, Babu?"

"Bado. Uache upoe kabisa, kisha tuurudie mara ya pili, buluu ileile. Safari hii unashika koleo wewe."