Yah: Ombi la kutengenezewa au kubadilishiwa konsoli ya gemu iliyo ndani ya waranti

15 Septemba 2025

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Ninaandika kuhusu konsoli ya gemu niliyoinunua dukani kwenu Ijumaa ya tarehe 14 Machi 2025, kwa risiti namba 20417. Ni ile modeli ya kutumia diski, rangi nyeusi, yenye hifadhi ya terabaiti 1, na namba ya mashine iliyo chini yake inaishia na 7K42. Waranti yake ni ya miezi 12, hivyo inakwisha tarehe 13 Machi 2026. Mashine hii inajizima yenyewe katikati ya mchezo. Mlishaipokea mara moja, mkanirudishia mkisema haina tatizo, na tatizo liko palepale. Naomba mnitengenezee, na ikishindikana mnibadilishie.

Miezi ya mwanzo haikuwa na neno. Ilianza Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Mwanangu alikuwa anacheza gemu la mbio za magari, nami niko chumba cha pili, nikasikia feni inapanda. Siyo ule mvumo wa kawaida tulioshauzoea, bali mlio wa kukaza, kama kitu kinachotaka kupaa. Halafu kimya. Kwenye televisheni yakabaki maandishi ya "No Signal". Taa ya mbele ya mashine ilikuwa imezimika kabisa, wala haikuwa ile ya rangi ya kusubiri. Tulipoiwasha tena ukaja ujumbe kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, ikaanza kukagua hifadhi yake. Siku ile ilirudia mara mbili.

Jambo la kwanza nililoshuku ni umeme, kama ambavyo yeyote angeshuku. Lakini televisheni na taa ya mezani zilikuwa kwenye soketi hiyohiyo na hazikutetereka. Hata hivyo niliondoa waya wa kuongezea, nikachomeka mashine moja kwa moja ukutani, kisha nikaihamishia ukuta mwingine. Nikabadilisha kebo ya HDMI, ingawa nilijua kebo ya picha haiwezi kuzima mashine nzima, ila nilitaka nisije nikaulizwa. Niliitoa kwenye kabati la televisheni nikaiweka juu ya meza, wazi pande zote, nikafuta vumbi kwenye matundu kwa brashi laini bila kufungua chochote. Nikaweka sasisho la mfumo lililokuwa linasubiri. Ilizimika vilevile.

Tarehe 18 Agosti nikaileta kwenu. Kijana wa kaunta aliichomeka, menyu ikatokea, akaniambia, "Mbona inawaka vizuri tu, mama?" Nikamjibu, "Inawaka, mwanangu, ila haikai." Akaipokea kwa adabu, sina malalamiko juu yake, akaandika kwenye fomu: "Haiwaki." Nilimwomba asahihishe, akasema fundi ataelewa. Nadhani shida ilianzia hapo. Fundi aliyepewa mashine yenye maelezo ya "haiwaki" ataibonyeza, itawaka, naye atakuwa amemaliza kazi yake.

Nilipoichukua tarehe 27 Agosti, karatasi ya karakana ilikuwa na mistari miwili: kwamba imejaribiwa kwa dakika 10 na hakuna kasoro iliyoonekana, na kwamba imerudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani. Huo mstari wa pili uliniuma. Hakuna aliyenipigia kuniuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi kwanza. Michezo yote aliyokuwa ameihifadhi mwanangu tangu Machi ilifutika, naye bado ananiuliza kama kuna namna ya kuirudisha. Hapo sidai fidia, ila naomba lisijirudie. Safari hii nimeshanakili kila kitu kwenye diski ya USB, na nimebaki nayo nyumbani.

Sasa naomba mnisomee kwa makini kidogo, maana hapa ndipo penye jibu. Tangu mashine irudi nimekuwa nikiandika inavyotumika, na kama imezimika, ni dakika ya ngapi tangu iwashwe:

30 Agosti, gemu la mbio za magari kutoka kwenye diski: ilizimika dakika ya 24.
31 Agosti, gemu hilohilo: dakika ya 22.
2 Septemba, filamu ya saa 2: haikuzimika, wala feni haikupanda.
6 Septemba, gemu jingine lililo kwenye hifadhi ya ndani, bila diski: dakika ya 27.
7 Septemba, iliachwa kwenye menyu saa nzima: haikuzimika.
13 Septemba, gemu la mbio za magari: dakika ya 19. Ikawashwa papo hapo, ikazimika tena dakika ya 6.

Kwa hiyo haizimiki ikiwa imekaa kwenye menyu, haizimiki kwenye filamu, na inazimika kwa gemu la diski na lisilo la diski vilevile. Inazimika inapofanya kazi nzito kwa kama dakika ishirini hadi thelathini hivi, na ikiwashwa kabla haijapoa inazimika mapema zaidi. Mara mbili, tarehe 31 Agosti na 13 Septemba, sekunde chache kabla ya kuzimika ulitokea ujumbe kwenye skrini kwamba mashine imepata joto kupita kiasi. Nimepiga picha ya huo wa tarehe 13.

Jambo jingine nimeliona kwa mkono wangu mwenyewe. Feni inapolia kwa nguvu kiasi hicho, ningetarajia hewa inayotoka nyuma iwe ya moto. Nikiweka kiganja kwenye matundu ya nyuma, hewa inatoka kwa wingi lakini ni ya uvuguvugu tu, wakati ubavu wa kulia wa mashine umepata moto kiasi kwamba huwezi kuacha kidole. Mimi si fundi, lakini nimepika maisha yangu yote na najua sufuria isiyokaa sawa juu ya moto ikoje. Feni inazunguka na njia ya hewa haijaziba, ila joto la chipu halifiki pale hewa inapopita. Huenda kipoza joto hakijakaza vizuri, au ile grisi inayopakwa kati yake na chipu imekauka au ilipakwa vibaya tangu kiwandani. Mafundi wenu wataamua wenyewe. Ninachosema ni kwamba kwa dakika 10 za menyu hawawezi kuliona hilo, hata wawe hodari namna gani.

Mashine haijafunguliwa. Jirani yetu anatengeneza kompyuta na alijitolea kuifungua bure jioni moja, nikamkatalia kwa sababu stika ya waranti iko juu ya skrubu ya nyuma na nilitaka mwikute nzima. Mtaikuta nzima. Haijaanguka, haijamwagikiwa na kitu, na waya wa umeme ni uleule uliokuja nayo ndani ya boksi. (Pedi moja ina kijiti kinachovuta kushoto chenyewe, lakini hilo tutaongea siku nyingine, sitaki lichanganywe na hili.)

Kadi ya waranti mliyonipa, yenye muhuri wenu, inasema kasoro ya utengenezaji itarekebishwa bila malipo, na isiporekebishika kifaa kitabadilishwa. Nilipopiga simu tarehe 8 Septemba niliambiwa niwasiliane na kampuni iliyoitengeneza. Sikubaliani na hilo. Mashine niliinunua kwenu, muhuri kwenye kadi ni wenu, na fomu ya kupokea vifaa vibovu ni yenu. Mkitaka kuipeleka kwa mtengenezaji, hiyo ni safari yenu na yeye, nami sitaiingilia.

Ninachoomba ni hiki. Mashine ijaribiwe kwa gemu zito, mfululizo, kwa muda usiopungua saa 1, na tatizo liandikwe kwenye fomu kama lilivyo: "inajizima yenyewe baada ya kama dakika 20 hadi 30 za mchezo, joto kupita kiasi". Diski ya lile gemu la mbio za magari nitaiacha pamoja na mashine ili mtumie hiyohiyo. Ikiwezekana niwepo wakati wa majaribio, nitakuja siku na saa yoyote mtakayonipangia. Nitakaa kimya kwenye kiti, sitamsumbua mtu.

Kasoro ikionekana, itengenezwe bila malipo ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea, na nipewe karatasi inayosema ni kitu gani kilichobadilishwa au kurekebishwa. "Imetengenezwa" peke yake haitanisaidia iwapo itazimika tena mwezi Aprili na waranti imeshapita. Kama siku 14 hazitoshi, au kama mtashindwa kuitengeneza, nibadilishiwe kwa mashine mpya ya modeli hiyohiyo. Ikiwa modeli hiyo haipo tena, nitapokea iliyo sawa nayo kwa uwezo na hifadhi, mradi iwe ya kutumia diski, maana gemu nyingi tulizonazo ni za diski na mashine isiyo na sehemu ya diski itazigeuza kuwa mapambo. Sitapokea mashine iliyotumika na mtu mwingine ikasafishwa, isipokuwa tukubaliane kwanza kwa maandishi.

Siku ambazo mashine imekaa na itakaa karakana, kuanzia zile 9 za Agosti, naomba ziongezwe mwishoni mwa waranti. Sikuweza kuitumia siku hizo, na kama kasoro ingeonekana mara ya kwanza tusingekuwa tunaandikiana.

Nimeambatisha nakala ya risiti, nakala ya kadi ya waranti pande zote mbili, karatasi ya karakana ya tarehe 27 Agosti, picha ya ujumbe wa joto, na picha ya stika ya nyuma. Kuna pia video ya dakika 3 ya tarehe 13 Septemba: inaanza feni ikiwa imeshapanda, inaonyesha saa ya ukutani na taa ya mezani ikiwaka, na inaishia mashine ilipozimika huku taa ikiendelea kuwaka. Iko kwenye diski ndogo ya USB iliyobandikwa kwenye barua hii, naomba mnirudishie mkishaitazama. Nakala halisi za karatasi zote ninazo, nitakuja nazo.

Nitaileta mashine Alhamisi, tarehe 18 Septemba, asubuhi. Nikifika naomba nipokewe na mtu aliyeisoma barua hii, na nipewe nakala ya fomu yenye sahihi ya aliyepokea. Kama siku hiyo haiwafai, nipigieni kabla kwa namba niliyoandikisha kwenye kadi ya waranti. Napatikana zaidi baada ya saa 10 jioni.

Wenu mteja,

Mwenye risiti namba 20417