Siku saba mfululizo

Picha imepinda kidogo, na pale kona ya juu kuna kidole. Ni kidole cha mjukuu wa bibi mwenye nyumba, yuko darasa la tatu, ndiye aliyeshika simu. Nilipoiona nilijua ndiyo hii, sitaki nyingine.

Walioketi barazani ni mimi na mume wangu. Nimeliandika neno hilo "mume wangu" mara mbili nikafuta, kwa sababu bado nikiliandika mkono unasita kwa furaha. Kilichotufunika ni doti moja ya kisutu, ile aliyoniwekea mama kwenye begi usiku wa kuamkia safari. Ilikuwa haijakatwa wala kupindwa, vipande vyote viwili vimeshikana kama ilivyotoka dukani. Baridi ya Lushoto mwezi wa sita si ya kuchezea, na sisi tulikuja na sweta moja moja tu. Basi asubuhi ya kwanza tukaifungua doti nzima, yeye akashika pindo la huku, mimi la huku, tukajifunika wote wawili. Hina bado iko mkononi, mnaiona. Chai iko chini, kwenye kikombe kimoja. Kingine kilikuwa kwa bibi.

Ndugu, jamaa na marafiki, mmekuwa mkiuliza tangu Jumapili: "Mbona kimya? Mbona hamtumi picha?" Hatukuwa tunawaficha. Tulikuwa tunakaa.

Wengi wenu mnajua tulivyoanza, ila hesabu yake hamuijui. Yeye ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji huko Kasulu, mimi nafundisha Tanga. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Ndani ya miaka 3 ya uchumba, siku tulizokuwa mahali pamoja ni 31. Najua kwa sababu nilikuwa naziandika nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo, moja moja. Mara tuliyokaa pamoja siku nyingi zaidi ilikuwa siku 4, na mbili kati ya hizo tulikuwa kwenye msiba wa baba yake mdogo. Kilichobaki chote kilikuwa simu. Pale kwao mtandao unashika ukipanda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya tangi la maji, na ndipo alipokuwa akisimama kila jioni baada ya zamu, mvua iwe inanyesha au la.

Siku ya kwanza hapa, tumekaa hivyo hivyo barazani, bega kwa bega, namsimulia jambo la shuleni. Nikanyamaza kidogo kutafuta neno. Akaniuliza: "Unanisikia?"

Nilimgeukia. Akajishika mdomo. Miaka 3 nikinyamaza ilikuwa na maana laini imekatika. Hakuna kati yetu aliyecheka. Nilimshika mkono nikamwambia, "Nakusikia, mume wangu. Nipo hapa." Tukakaa hivyo mpaka mkaa ukawa majivu.

Tangu hapo najifunza mambo ambayo simu haikuwahi kunipa. Kumbe anapoosha vyombo huimba kwa Kiha, sauti ya chini kabisa, na akijua unamsikiliza anaacha. Kumbe hulala ameelekea mlangoni, desturi ya mtu anayegongewa usiku kwa ajili ya mama aliyeshikwa na uchungu. Kuna usiku mbuzi wa jirani alilia, naye akakurupuka, akavaa kiatu kimoja kabla hajakumbuka yuko wapi. Nilimwambia arudi kulala, leo hakuna anayejifungua. Aliniangalia kwa muda kwenye giza lile, akavua kiatu taratibu, akakiweka sambamba na mwenzake. Sikuwa nimewahi kuona jinsi anavyopanga viatu. Anavipanga visigino vikigusa ukuta.

Na yeye anasema amegundua kwamba mimi nikisahihisha madaftari hata ya kufikirika, usingizini, mdomo wangu husema "vizuri". Simwamini, lakini anaapa.

Irente tulikwenda, kwa wale mnaouliza. Ukungu ulifunga kote, hatukuona tambarare ya chini hata chembe. Tulikaa pale juu ya jiwe kama saa nzima na hatukujuta. Basi.

Ninachotaka kuwaeleza zaidi ni mayai.

Siku ya tatu nilishuka kwa bibi kununua mayai. Bibi ni Msambaa, na Kiswahili chake kizuri, lakini akihesabu anahesabu kwa lugha yake. Akawa anayatoa kapuni moja moja, anayafuta na upindo wa kanga, ananiwekea kwenye bakuli, anahesabu kwa sauti ya kujisemea mwenyewe. Nilikuwa sisikilizi sana. Halafu nikasikia: "... shano, mtandatu, mfungate."

Nikamwambia, "Bibi, hebu rudia hapo mwisho."

"Mfungate, mjukuu wangu. Saba. Si umetaka saba?"

Nimezaliwa Tanga mjini, na neno fungate nimelisikia tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa na miaka kumi shangazi alipoolewa, tukakatazwa kukimbia karibu na chumba chake kwa sababu "bibi harusi yumo fungateni". Najua kwamba kwa desturi ya wazee maharusi hukaa ndani siku saba, bwana harusi yuko kwa wakwe, wanapikiwa, wanaoshewa, hawaguswi na kazi yoyote. Lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini zikaitwa hivyo. Na hapo bibi mwenye mikono yenye majivu ananipa neno zima pamoja na mayai. Fungate ni saba. Ni hesabu tu ya siku, ambayo majirani zetu hawa wa milimani bado wanaitumia kuhesabia mayai. Sisi tunalitaja neno hilo na picha inayotujia ni hoteli na ufukwe, wakati wazee walichokuwa wakiwapa watoto wao ni muda. Siku saba za kukaa na mwenzako bila kuitwa.

Nilipanda ngazi mbio na bakuli langu. Nilimkuta anapuliza jiko, nikamweleza huku nahema. Akaweka kipepeo chini. Akahesabu kwa vidole, tangu Jumapili. Kisha akasema: "Mwalimu, hatujawahi kuzifikisha." Ni kweli. Hatukuwahi. Tangu tujuane, hizi ndizo siku saba za kwanza mfululizo.

Yule mjukuu wa bibi alikuwa amenifuata nyuma na chenji. Akatukuta tumejifunika tena, maana ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani, akaomba aone simu yangu inavyopiga. Ndipo mkapata picha hii.

Kwa hiyo hii ni taarifa kwenu, kwa sababu mnastahili taarifa. Kamati ya harusi, mlikaa vikao vya Jumamosi wiki kumi na moja, mkapigia simu watu ambao sisi tungeona haya kuwapigia. Walimu wenzangu mliogawana vipindi vyangu wiki ya mwisho kabla shule hazijafungwa. Wauguzi wa zahanati mliojipangia zamu mbili mbili ili mwenzenu apate likizo, na najua mko watatu tu pale. Mawifi zangu mliosafiri siku mbili na usiku wake kwenye basi, mkafika mmevimba miguu na bado mkacheza mpaka alfajiri. Mama, uliyeifunga ile doti kwa kamba ya katani ukasema "mtaikata wenyewe". Mchango wenu umefika hapa. Umekuwa mayai, mkaa, chumba chenye dirisha moja, na mtu wangu kukaa karibu yangu siku ya tano, ya sita, na leo ya saba, bila yeyote kati yetu kutazama saa ya basi.

Najua pia wapo watakaoiona picha hii katika siku ambayo si nyepesi kwao. Rafiki yangu wewe, unajijua, ulinisindikiza kwenye nikahi ukitabasamu, na mimi ndiye ninayejua ulivyolala usiku ule. Nilikaa na picha hii siku nne nikiwaza kama niiweke. Nimeiweka kwa sababu wewe ndiye uliyenishikia daftari lile la siku 31, ukaniambia nisiache kuandika. Furaha hii ina mkono wako. Nikirudi nakuja kwako kabla sijapanga nguo kabatini.

Kesho alfajiri tunashuka kwa Kosta hadi Mombo. Pale njia panda ataelekea kulia, kupitia Arusha na kuendelea mpaka Kasulu. Mimi nitaelekea kushoto, Korogwe, Segera, hadi nyumbani. Barua ya uhamisho tumeshaiandika, jibu bado. Tuombeeni hilo, tafadhali, tunalihitaji sana. Lakini msitusikitikie usiku huu. Sasa hivi yuko jikoni, anaosha sufuria, na anaimba. Nimejibanza hapa nyuma ya mlango na simu nimepunguza mwanga ili asijue.

Jioni hii bibi alituletea mkasi. Alituona na ile doti siku zote akadhani hatuna cha kukatia. "Kateni, kila mtu abebe chake, huko mwendako kuna baridi pia." Tuliitandaza kitandani, mume wangu akatafuta mahali mapindo mawili yanapokutana katikati, akapitisha kidole pale taratibu, kama anavyopapasa mshipa kabla ya sindano. Kisha akaurudisha mkasi mezani. Akaikunja doti mara nne, ikiwa nzima, akaisukuma upande wangu. Nikaisukuma upande wake. Imekwenda na kurudi mara tatu.

Nimemshinda. Imo ndani ya begi lake, chini ya koti jeupe. Ataileta mwenyewe Tanga, hivyo hivyo ilivyo.