Tovuti yenu inawapotezea wateja kabla haijafunguka

Habari zenu waanzilishi,

Mimi ni mtengenezaji tovuti wa kujitegemea hapa Kisumu. Wiki jana, nikiwa kwenye matatu Kondele, nilijaribu kuagiza samaki kupitia tovuti ya kampuni changa moja. Nilingoja, skrini nyeupe. Picha ya kwanza ilipotokea, nilikuwa nimeshashuka. Baadaye niliikagua: picha hiyo moja ilikuwa na megabaiti 6, imepakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Iliniuma, kwa sababu samaki wao ni wazuri na mteja wao analipia hilo bando.

Huo ndio ugonjwa ninaoukuta mara nyingi, na tiba yake si ghali. Picha ikipunguzwa vipimo na kuhifadhiwa kwa muundo mwepesi wa WebP, hushuka hadi kilobaiti mia moja na kitu. Kisha naondoa programu-jalizi zisizotumika na kupanga upya kurasa zisomeke vizuri kwenye simu ndogo, kitufe cha kuagiza kikiwa karibu na kidole gumba.

Jipimeni wenyewe bure: ingizeni anwani yenu kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, mtazame alama ya simu. LCP, yaani muda wa sehemu kubwa zaidi ya ukurasa kuonekana, ikizidi sekunde 2.5, kuna kazi.

Kwa tovuti ya kurasa tano natoza Sh 35,000, siku kumi za kazi. Nusu mwanzo, nusu mkisharidhika. Anwani na nywila zote zinabaki mikononi mwenu.

Nijibuni hapa mkinitumia anwani ya tovuti. Nitawarudishia vipimo vyake kabla hamjalipa chochote.