Mwongozo wa Kufundishia: Kukagua Ngozi, Kutambua Hatua za Vidonda vya Mgandamizo na Kumgeuza Mgonjwa Asiyeinuka Kitandani

Wodi ya magonjwa ya ndani, hospitali ya wilaya, mkoani Dodoma. Kwa wauguzi wapya, wanafunzi wa uuguzi na ndugu wanaouguza. Somo ni dakika 90, na nusu ya muda huo hufanyikia kitandani kwa mgonjwa. Andaa mito minne (au mablanketi yaliyokunjwa yakafungwa kwa kanga), shuka la kuvutia, tochi, rula ya karatasi na kalamu.

Mgonjwa wa mfano

Mzee wa miaka 68, kilo 60, ana kiharusi na upande wa kushoto umepooza. Amevaa pampasi na amelazwa kwenye godoro la sponji. Mwanawe wa kike ndiye anayemuuguza. Mifano yote hapa chini inamhusu yeye.

Kinachotokea chini ya ngozi

Uzito wa mwili ukikaa sehemu moja, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu inazibika na nyama inakosa hewa na chakula. Misuli iliyo karibu na mfupa huumia kabla ya ngozi ya juu. Ndiyo maana kidonda chenye mdomo mdogo kinaweza kuwa na shimo kubwa ndani, na ndugu wanashangaa: "Jana palikuwa na doa tu!" Uharibifu ulianza siku kadhaa kabla ya hilo doa.

Adui wa pili ni kuburuzwa. Ukiinua kichwa cha kitanda sana, mgonjwa huteleza kuelekea miguuni: ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka huku mfupa ukishuka, na mishipa inavutika na kukatika. Wa tatu ni unyevu wa mkojo, kinyesi na jasho. Katika joto la Oktoba na Novemba, mgonjwa aliyelazwa moja kwa moja juu ya plastiki hulowa jasho mgongo mzima. Weka shuka la pamba juu ya makintoshi, tena lisiwe na mikunjo.

Kukagua ngozi: mkono kabla ya jicho

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwa wagonjwa wetu wenye ngozi nyeusi, anayesubiri wekundu atachelewa. Doa la hatua ya kwanza huonekana jeusi zaidi ya ngozi inayolizunguka, au lenye rangi ya majivu. Wakati mwingine halionekani kabisa, linahisiwa tu kwa mkono. Tunasisitiza sehemu hii kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo kidonda kinapoweza kuzuiwa bila dawa yoyote.

Kagua mgonjwa anapolazwa, kisha kila zamu, na kila unapomgeuza tazama upande uliotoka kulaliwa. Omba ruhusa kwanza: "Shikamoo babu. Naomba nikugeuze kidogo nitazame mgongo." Funga pazia. Simama karibu na dirisha, au tumia tochi ukiimulika kutoka pembeni, maana mwanga wa pembeni huonyesha uvimbe.

Anza kisogoni, kwenye masikio, mabawa ya mabega na viwiko. Shuka kwenye kitokono, mifupa ya kukalia na nyonga, kisha magoti, vifundo vya miguu na visigino. Kitokono na visigino ndivyo vinavyoumia mara nyingi zaidi. Kila mahali fanya mambo matatu:

1. Gusa kwa mgongo wa mkono wako. Linganisha na ngozi ya pembeni au kiungo cha upande wa pili: pana joto zaidi? Pamepoa? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva sana?
2. Bonyeza kwa kidole kwa sekunde 3, kisha achia. Rangi ikififia na kurudi, damu bado inapita. Isipofifia, hiyo ni hatua ya 1. Kwenye ngozi nyeusi sana jaribio hili hudanganya, basi amini zaidi joto, ugumu na maumivu.
3. Muulize kama panauma au panawasha. Mzee wetu hahisi vizuri upande wa kushoto, kwa hiyo "siumwi" yake ya upande huo isikutulize.

Usisahau vifaa. Mpira wa oksijeni hukata juu ya sikio, mpira wa kulishia huumiza tundu la pua, mpira wa mkojo huacha alama pajani. Vihamishe kidogo na utazame chini yake angalau mara 2 kwa siku.

Pima pia hatari kwa kipimo cha Braden. Kina vipengele 6: kuhisi, unyevu, shughuli, kujigeuza, lishe na kusuguliwa. Jumla ni kuanzia 6 hadi 23, na jinsi inavyokuwa ndogo ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Alama 18 kushuka chini mgonjwa yuko hatarini. 9 kushuka chini hatari ni kubwa mno. Mzee wetu amepata 11, yaani hatari kubwa.

Hatua za kidonda

Mwaka 2016 jopo la kitaifa la Marekani linaloshughulikia tatizo hili liliacha kuliita kidonda na kuliita jeraha la mgandamizo, kwa sababu ngozi inaweza kuwa nzima na bado chini yake pameumia. Hatua zikaanza kuandikwa kwa tarakimu za kawaida badala ya za Kirumi. Wodini tunaendelea kusema kidonda, lakini maana ni hiyo.

*Hatua ya 1.* Ngozi ni nzima, ila rangi haififii ikibonyezwa, au pana joto, ubaridi, ugumu au maumivu tofauti na pembeni. Doa la zambarau halimo humu.

*Hatua ya 2.* Ngozi ya juu imetoka. Kidonda hakijaingia ndani sana, ni chekundu au cha waridi, kina majimaji. Au ni lengelenge lenye maji meupe. Hakuna utando wa njano wala mafuta yanayoonekana. Hapa ndipo makosa hutokea sana, kwa kuwa michubuko ya pampasi hufanana nacho. Ya pampasi huenea bila umbo maalumu, mara nyingi kwenye mikunjo ya makalio, na haiko juu ya mfupa. Hiyo usiipe hatua yoyote: safisha, kausha, paka krimu ya zinki, badilisha pampasi mapema.

*Hatua ya 3.* Ngozi yote imekwisha, mafuta ya chini yanaonekana, lakini si msuli wala mfupa. Panaweza kuwa na mapango chini ya kingo. Sikioni, puani na kwenye kifundo cha mguu hakuna mafuta mengi, hivyo hatua ya 3 huko inaweza kuwa na kina kidogo tu.

*Hatua ya 4.* Msuli, kano au mfupa unaonekana au unaguswa.

*Kisichopimika.* Sakafu ya kidonda imefunikwa na utando wa njano au gamba jeusi, huwezi kujua kina. Usikisie. Gamba la kisigino likiwa kavu, limeshika vizuri na halina usaha wala wekundu pembeni, liache.

*Jeraha la ndani.* Doa la zambarau au la hudhurungi iliyoiva lisilofifia, au lengelenge lenye damu. Maumivu na mabadiliko ya joto hutangulia rangi. Hili linaweza kufunguka kwa haraka hata kama umeanza kumgeuza vizuri, kwa hiyo waeleze ndugu mapema wasije wakadhani umezembea leo.

Kidonda cha hatua ya 4 kinachopona hakirudi kuwa cha 3 wala cha 2. Andika "hatua ya 4, kinapona". Shimo linajazwa na kovu, si msuli uleule, na mahali hapo patabaki dhaifu.

Kumgeuza

Wawili ndio wanaohitajika, mmoja kila upande, na shuka la kuvutia kutoka mabegani hadi mapajani. Mnamwinua kwa pamoja, hamumburuzi. Msivute mkono uliopooza, bega litatoka.

Pembe ni nyuzi 30, si ubavu kamili. Akilala ubavu kamili, uzito wote unakaa kwenye mfupa wa nyonga. Weka mto nyuma ya mgongo kuanzia begani hadi kiunoni, mwingine kati ya magoti. Kisha pitisha kiganja chini ya kitokono: kikipita bila kubanwa, umeweka sawa. Kikibanwa, sogeza mto.

Visigino vielee. Mto ukae chini ya shavu lote la mguu, goti likunjwe kidogo, na karatasi ipite kati ya kisigino na godoro. Mto ukiwekwa kwenye kano ya nyuma ya kifundo tu, umehamishia kidonda hapo.

Ratiba ya mzee wetu, kila saa 2:

Saa 12 asubuhi: kulia
Saa 2 asubuhi: chali, uji
Saa 4 asubuhi: kushoto
Saa 6 mchana: kulia
Saa 8 mchana: chali, chakula
Saa 10 jioni: kushoto
Saa 12 jioni: kulia
Saa 2 usiku: chali, chakula
Saa 4 usiku: kushoto
Saa 6 usiku: kulia
Saa 8 usiku: kushoto
Saa 10 alfajiri: chali

Wakati wa kula mwinue akae wima, kwa sababu mwenye kiharusi hupaliwa kwa urahisi. Inua kwanza upande wa magoti, ndipo kichwa, asiteleze. Baada ya kama nusu saa mshushe, kichwa kisizidi nyuzi 30.

Kugeuza kila saa 2 si amri ya mbinguni. Ukimgeuza ukakuta doa lisilofifia, upande huo usilaliwe tena mpaka lipone, na pande zilizobaki zigeuzwe kwa muda mfupi zaidi. Akikalishwa kwenye kiti, isizidi saa 1 kwa mara moja. Andika saa, upande, ulichokiona na jina lako. "Amegeuzwa" peke yake haitoshi. Anayepokea zamu lazima ajue amelalia wapi.

Makosa tunayoyakuta mara kwa mara

Kusugua au kukanda doa: nyama iliyoumia inachanika zaidi. Kumkalisha kwenye pete ya mpira au glavu zilizojazwa maji: ukingo wake hukata damu kuzunguka mahali palepale ulipotaka kupaokoa. Kupaka spiriti, majivu au unga wa vidonge. Na godoro lililochoka: ingiza mkono chini yake usawa wa makalio, na ukihisi mfupa, mzee analalia chaga.

Chakula

Anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo, yaani gramu 75 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Uji wa uwele utiwe karanga zilizosagwa na maziwa. Ugali na mlenda peke yake hautoshi, ongeza dagaa. Mwenye ugonjwa wa figo, muulize daktari kwanza.

Mwite daktari siku hiyohiyo

Homa, harufu mbaya, usaha, wekundu au joto linalosambaa, ngozi inayotoa mlio wa kupasukapasuka ukiibonyeza, mfupa unaoonekana, au mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla. Kwa kidonda chochote kuanzia hatua ya 2, pima kila wiki urefu, upana na kina kwa sentimita baada ya kukisafisha kwa normo salaini, huku mgonjwa akiwa amelala mkao uleule wa wiki iliyopita, kwa sababu mkao ukibadilika kidonda huvutika na vipimo havilingani.