Masharti ya Ada ya Kukata Tiketi, Kughairi Safari na Kurudishiwa Nauli: Basi la Dar es Salaam–Mwanza

Masharti haya yanamhusu kila abiria anayekata tiketi ya basi letu litokalo Kituo cha Magufuli, Mbezi, kwenda Nyegezi, Mwanza, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, awe amekata kwa simu, ofisini kwetu au kwa wakala. Abiria anapolipa, anahesabiwa kuwa ameyakubali.

Nauli ya Dar es Salaam hadi Mwanza ni shilingi 70,000. Juu yake hutozwa ada ya kukata tiketi ya shilingi 2,000 kwa kila siti, kwa hiyo anayekatia watu watatu kwa malipo ya pamoja atalipa ada ya shilingi 6,000. Ada huandikwa kwenye tiketi katika mstari wake, mbali na nauli. Wakala yeyote anayedai nyongeza isiyoonekana kwenye tiketi anadai fedha zisizo zetu, na abiria asimlipe.

Katika masharti haya, kuahirisha ni kusogeza safari hadi siku nyingine, na kughairi ni kuacha kusafiri kabisa. Tunatenganisha maneno haya kwa sababu abiria wengi hutupigia simu wakisema wanaahirisha, kumbe wanataka fedha zao.

Abiria anayeghairi saa 24 au zaidi kabla ya basi kuondoka atarudishiwa nauli iliyokatwa asilimia 15, yaani shilingi 59,500. Akighairi muda ukiwa chini ya saa 24 lakini haujapungua saa 3, atarudishiwa nusu ya nauli, shilingi 35,000. Baada ya hapo hakuna marejesho, kwa kuwa siti hiyo haiwezi tena kuuzwa kwa uhakika. Ada ya kukata tiketi hairudishwi abiria anapoghairi mwenyewe. Kuahirisha kunaruhusiwa mara moja bila malipo, iwapo taarifa imetolewa saa 24 kabla na safari mpya iko ndani ya siku 30; taarifa ikichelewa, lakini basi likiwa halijaondoka, abiria atalipa shilingi 5,000.

Aliyefiwa au aliyelazwa hospitali ghafla atarudishiwa nauli yote bila makato, hata kama basi limekwisha ondoka, mradi alete ndani ya siku 7 barua ya serikali ya mtaa au kijiji, au cheti cha hospitali.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Tiketi yenye 06:00 ni ya saa 12 asubuhi, si ya saa 6 mchana, na abiria anatakiwa awe kituoni saa 11:30 alfajiri. Kosa hili limewakosesha safari watu wengi kiasi kwamba mkatishaji wetu ana wajibu wa kumtamkia abiria saa hiyo kwa Kiswahili; asipofanya hivyo, na abiria akaachwa siku hiyo, tutamsafirisha kesho yake bila malipo.

Basi lisipoondoka kwa sababu yoyote iliyo upande wetu, uwe ubovu, upungufu wa abiria au kukosekana kwa dereva, abiria atarudishiwa nauli yote, ada ya kukata tiketi na malipo ya mzigo. Haki hiyo hiyo anayo pale basi linapochelewa zaidi ya saa 2 naye akaamua kutosubiri. Hatalazimishwa kupokea siti ya kesho badala ya fedha. Akikubali kupanda basi la daraja la chini, atarudishiwa tofauti ya nauli hapo hapo kituoni, kabla hajapanda. Barabara ikifungwa kwa mafuriko au kwa amri ya mamlaka, nauli na ada zitarudishwa vilevile, ila gharama za kulala na chakula hazitatuhusu.

Basi likiharibika njiani, tutaleta jingine. Abiria anayetafuta usafiri wake mwenyewe baada ya kusubiri saa 2 atarudishiwa nauli ya umbali uliobaki, kwa hesabu ya kilomita, na kondakta anapaswa kuandika nyuma ya tiketi mahali na saa aliposhuka.

Fedha hurudishwa kwenye namba ya simu iliyolipa, ndani ya siku 3 za kazi. Aliyemlipa wakala taslimu atachukua fedha zake ofisini kwetu kwa kuonyesha tiketi na kitambulisho chenye jina lile lile, wala haelekezwi kwa wakala. Makato ya kutuma fedha ni ya abiria anapoghairi mwenyewe, na ni yetu basi lisipoondoka.

Lalamiko lianzie kwa msimamizi wetu kituoni, ambaye atampa abiria jibu la maandishi ndani ya siku 2. Asiporidhika, abiria anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na sisi tutatoa kumbukumbu zote za tiketi yake zitakapohitajika.