Mstari wa kufungia hotuba ya kumuaga Mama

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma leo alfajiri pale Kimara, nikisubiri mwendokasi. Umesema hotuba ya kumuaga Mama, mkurugenzi wetu, umeshaiandika yote, imekugomea mwishoni, na kila methali unayoiweka inakaa kama kiraka. Nimekuwa nayo kichwani mpaka nimeshuka Kivukoni. Nakupa mstari kwanza, maelezo yafuate, ili hata ukikosa muda wa kusoma yote uwe na cha kusema Ijumaa.

Malizia hivi:

"Mama, wageni wetu leo watakusifu kwa waliyosikia. Sisi wa meza za chini tunakusifu kwa yaliyotupata. Usiku ule Jangwani ilipofungwa, ulibaki na sisi ofisini, ukatuagizia chakula, ukamfikisha kila mmoja mlangoni kwake, ndipo ukageuza gari kwenda kwako Kigamboni. Kwa hiyo anayetusikia leo asidhani tunapamba maneno. Wahenga walisema: aisifuye mvua…"

Hapo nyamaza. Ukumbi utajibu: "Imemnyea!" Wakishajibu, mwangalie Mama, useme tu:

"Tumelowa, Mama. Nenda salama."

Kisha kaa chini.

Sasa nikueleze nimefikaje hapo, maana siku nyingine utaombwa kumuaga mwingine na mstari huu hautamfaa.

Methali imekuja mwisho kabisa. Nilianza kwa kujiuliza: ni kitu gani Mama alikifanya ambacho zaidi ya mtu mmoja pale ukumbini alikuwepo akakiona? Miaka 22 ya kazi ina mambo mengi. Kuna makontena aliyoyagomboa wakati wengine wameshakata tamaa, kuna siku alizobishana na wateja kwa ajili yetu. Lakini hayo yanajulikana kwa mmoja mmoja. Usiku wa mvua tulikuwa sita. Wewe ulikaa mbele, unakumbuka, na mkoba wake ukiwa mapajani mwako. Njia ya Jangwani imefungwa, mwendokasi haifanyi kazi, tukapita Salenda, tukashusha wa Kinondoni, tukaenda Mwenge, Ubungo, hadi kwangu Kimara. Ninachokiona mpaka leo ni Mama akivua viatu pale kwetu, anavishika mkono mmoja, simu yenye tochi mkono wa pili, ananitangulia kwenye maji ya mtaroni kuhakikisha hakuna shimo. Alikuwa na miaka 57 wakati ule, na ni mkurugenzi. Ndiyo maana nikasema methali ya mvua itajileta yenyewe, na imejileta.

Jambo la pili ndilo ninalokuomba ulishike zaidi. Methali nyingi zina mtu ndani yake. Kabla hujaitumia uliza: huyo mtu ni nani, ni Mama au ni sisi? Katika "aisifuye mvua imemnyea", mtu aliyemo ni sisi. Mama ndiye mvua. Wewe una miaka 27, unasimama mbele ya mama mwenye umri wa kukuzaa, na hakuna neno hata moja la kumfundisha wala kumpima. Unatoa ushahidi juu yako mwenyewe, basi. Mdogo akisema hivyo mbele ya mkubwa, adabu yake haivunjiki.

Sasa tazama zile ulizoniorodheshea. "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani" ni methali nzuri sana, lakini mtu aliyemo ni Mama na anaamriwa. Tena anaambiwa asingoje shukrani siku ileile tuliyochangishana kumshukuru! "Kuishi kwingi ni kuona mengi" inamhesabia umri mbele ya wageni. "Hakuna marefu yasiyo na ncha" usiiguse kabisa. Niliwahi kuitumia, miaka mingi iliyopita, kazini kwingine, kumuaga mzee aliyekuwa ameondolewa kabla ya muda wake. Nilitaka kusema safari yake ndefu imefika mwisho wenye heshima. Ukumbi ulisikia kwamba tulikuwa tunahesabu siku. Alinipa mkono, akanishukuru, lakini macho yake sijayasahau. Methali husema ilichozoea kusema, hata kama wewe ulikusudia kingine.

"Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" nakiri niliitamani. Sisi ni watu wa bandari, kila siku tunashughulika na meli, na Mama anarudi nyumbani kwao Tanga. Nani asingependa methali yenye chombo? Nikaiacha kwa sababu mbili. Kwanza, mara nyingi husemwa kwa mtu anayehangaika huku na huku, ikimwambia atarudi tu alikotoka, na Mama hakuhangaika kokote, alikaa na sisi. Pili, vijana wetu wa nyaraka hawajui kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini ndani kunakokusanyika maji. Wakisikia tezi wanafikiria hospitali. Methali ya kufungia haina nafasi ya kufafanuliwa. Kama lazima uieleze, imeshakufa mdomoni.

"Chanda chema huvikwa pete" iweke akiba kwa yule atakayekabidhi zawadi, kwa kuwa ni methali ya kukabidhia kitu. Wewe huna kitu mkononi wakati unafunga hotuba. Na kama kadi bado haijaandikwa, waandike "Wema hauozi" na majina yetu chini, wasiongeze mengine. Kwenye kadi ufupi unapendeza.

Nirudi kwenye mvua, kuna tahadhari. Kwa mji wetu huu mvua si neema kwa kila mtu. Kaka yetu dereva wa gari la mizigo, familia yake ilikuwa bonde la Msimbazi mafuriko ya Desemba 2011 yalipokuja, na wao ni kati ya waliohamishiwa Mabwepande. Sikutaka asimame ukumbini asikie tunaisifu mvua. Nimemuuliza leo mchana. Akafikiri kidogo, akasema, "Dada, ile iliyobomoa hakuna anayeisifu. Hii mnayoisema ni ya Mama. Semeni." Basi nimeridhika. Kama angesita hata kidogo, ningetafuta methali nyingine, na ningeanza upya usiku huu huu.

Tahadhari ya pili ni kitenzi. Unajua "kunyea" ina maana mbili mjini, na vijana hawakosi kucheka. Methali inajulikana, kwa hiyo ikisemwa nzima haina shida. Ila usiendelee kuichezea. Usije ukaongeza "na sisi Mama ametunyea". Hapana! Neno "mvua" likitoka tu, hicho kitenzi kinabaki peke yake na heshima inaondoka nayo. Ndiyo sababu nimekuandikia "tumelowa". Linabeba maana ileile, ni safi, na wale sita tuliokuwa kwenye gari litatugusa kwa namna yake, maana tulilowa kwelikweli.

Kuhusu kusema "aisifuye" au "asifuye", zote utazisikia. Chukua inayokaa vizuri mdomoni mwako. Muhimu ni kuinua sauti kidogo mwishoni mwa "mvua", kama unavyofanya ukisema "hadithi, hadithi" kwa watoto, ili watu wajue zamu yao imefika. Wasipojibu haraka, usiogope, hesabu moja mpaka mbili kimoyomoyo, kisha imalizie mwenyewe taratibu. Itafaa vilevile.

Methali iwe moja tu. Najua umeshaweka "haba na haba hujaza kibaba" kule katikati kwenye habari za kampuni ilivyokua. Iondoe, sema kwa maneno ya kawaida kwamba tulianza chumba kimoja Mtaa wa Samora, tukiwa watano. Methali mbili katika hotuba moja hunyang'anyana wasikilizaji, na ya mwisho ndiyo inayopata hasara.

Na usiseme "asanteni kwa kunisikiliza" baada ya "nenda salama". Najua tumefundishwa hivyo shuleni. Shukrani zako kwa mgeni rasmi na kamati zipeleke mwanzoni, palepale baada ya "itifaki imezingatiwa". Mwishoni awe Mama peke yake. Dua vilevile: mshereheshaji amepanga mchungaji na shehe watafuatana baada yako, waachie wao.

Jambo moja nje ya hotuba, lakini linahusu. Kamati imenunua doti ya kanga Kariakoo kumvalisha Mama kabla hajakata keki. Hakuna aliyeniambia jina lake ni lipi, wanasema tu rangi ni nzuri, pindo jekundu na mji wenye korosho. Nenda kaisome kesho. Kanga inasema, mdogo wangu, na akinamama wa meza ya mbele wataisoma kabla ya wewe kufungua mdomo. Kama imeandikwa maneno ya mafumbo ya majirani au wivu, warudishe wakabadilishe, dukani wanakubali kama haijakatwa. Wakikosa yenye maneno ya shukrani, bora wachukue kitenge kisicho na maandishi kuliko kanga inayopingana na mstari wako.

Fanya mazoezi kwa sauti, si kwa kusoma kimya. Mara tatu zinatosha. Sehemu ya Kigamboni, "ndipo ukageuza gari kwenda kwako", usiikimbize, hapo ndipo watu wataelewa alivyozunguka mji mzima usiku ule. Nilimpigia saa sita na nusu kuuliza kama amefika, akanijibu yuko darajani na mvua imekatika.

Ukishindwa kumtazama Mama usoni kwa sababu ya machozi, tazama kilemba chake, hakuna atakayejua. Mimi nitakuwa meza ya nyuma karibu na mlango, pamoja na dereva wetu na wale watatu wengine wa usiku ule. Tumeshakubaliana. Ukisema "aisifuye mvua", sisi ndio tutakaoanza kujibu.

Dada yako wa hesabu